Mrejesho: Mashine ya kahawa iliyotoa kahawa nyepesi

«Mashine yangu inayosaga buni na kupika yenyewe inatoa kahawa nyepesi na makapi ya tope. Nifanyeje?»

Ndugu zangu, asanteni sana. Nilizima mashine, nikachomoa kile kikamulio cha ndani kinachobana unga, nikakisuuza kwa maji ya vuguvugu bila sabuni, na kilipokauka nikapaka mpira wake grisi ya silikoni inayofaa vyombo vya chakula. Makapi sasa yanatoka yameshikana. Kahawa ilikolea niliporekebisha kinu kisage laini zaidi, hatua moja moja, kikiwa kinazunguka. Mvuke wa maziwa, hata hivyo, bado ni dhaifu licha ya dawa ya kuondoa chokaa, kwa kuwa maji ya kisima chetu hapa Mombasa huacha ukoko mgumu, hivyo fundi atalifungua bomba lake.