Kumsifu mwenzako kwenye kundi la kazi: mbele ya wote au chemba?

Swali (mapokezi, Nungwi): Mwenzangu wa zamu ya usiku alilinganisha tiketi za boti na karatasi ya dereva, akaona wageni wa chumba namba 14 wana boti ya asubuhi ilhali dereva kaandikiwa saa nane mchana. Akampigia dereva, wageni wakaiwahi boti. Nataka kumshukuru kwenye kundi letu la Slack lakini ni mtu wa haya. Niandike au niache?

Mhasibu, Chake Chake: Mwandikie chemba tu. Ukimtaja mbele ya watu unamwitia kijicho, na wengine watajiona hawakufanya kitu.

Msimamizi wa zamu, Paje: Kijicho kipo, Bi Mhasibu, ila huletwa na ukubwa wa sifa. "Shujaa wetu, bila yeye hoteli ingefungwa" inamweka mtu pabaya: hawezi kuikubali wala kuikanusha. Kitendo kikitajwa kama kilivyo, hana cha kujibu zaidi ya "ahsante". Mie ningeandika hivi:

"Ahsante @Mwanakheri. Jana usiku ulilinganisha tiketi za wageni wa namba 14 na karatasi ya dereva, ukampigia mapema. Boti wameiwahi."

Tazama kilichoachwa. Saa nane mchana haimo, maana ukiitaja tu, kila mtu atauliza nani aliiandika, na shukrani itageuka mashitaka ya mtu wa buking. Hilo kosa lizungumzwe naye pembeni. Halafu usitie @channel: inawapigia kengele wanachama wote, hata aliyelala baada ya zamu. @Mwanakheri inatosha, na iwe kwenye chaneli ya mapokezi na usafiri, ambako watu wanaijua hiyo karatasi. Kwenye chaneli ya hoteli nzima, mpishi atauliza namba 14 kuna nini.

Fundi umeme, Fuoni: Mie naona hizi shukrani zinatumika badala ya posho. Nimetengeneza jenereta usiku, nikapata vidole gumba kumi na moja.

Msimamizi wa zamu, Paje: Posho ni ya meneja, kaka, na uidai kwa maandishi. Hapa anayeshukuru ni mwenzake, hana fungu.

Mhasibu, Chake Chake: Haya, kwa maneno hayo machache nakubali. Lakini asiandike kabla ya kumuuliza mwenyewe.

Msimamizi wa zamu, Paje: Kwa jambo dogo la kazi, kuuliza kunalikuza. Mtu anaanza kungoja sherehe. Ningeuliza kama ndani yake mna siri, mfano aliacha mgonjwa nyumbani ili aje zamu. Hapo ndipo chemba.

Mhasibu, Chake Chake: Mtu wa haya ni mtu wa haya hata kwa mistari mitatu. Mie ningemuuliza.

Mapokezi, Nungwi: Nimeandika, nimeondoa saa nane. Kaweka moyo mmoja, basi. Meneja naye kaja chini yake na "Hongera timu nzima!!!"

Fundi umeme, Fuoni: Timu nzima ilikuwa imelala.