Umoja wa Wakazi: ada ya 35,000 na hotuba ya mwenyekiti

Mwenyekiti (Jumapili, 18:42)
Majirani, habari za jioni. Kikao cha leo walihudhuria watu wachache, ila jambo lenyewe linatuhusu wote. Ninaweka hapa hotuba yangu kama nilivyoisoma, ili asiyekuwepo naye aseme.

"Wazee wangu, mama zangu, vijana, asanteni kwa kufika. Ada yetu ya ulinzi na ukarabati ni shilingi 20,000 kwa mwezi tangu mwaka 2019. Nyumba zetu ni 58. Zinazolipa kila mwezi bila kukumbushwa ni 39, kwa hiyo tunapata 780,000. Walinzi wawili, kila mmoja 250,000, hapo 500,000 imekwenda. NSSF ya mwajiri 50,000. Umeme wa taa za barabarani, betri za tochi na buti kama 65,000. Kinachobaki kwa matengenezo yote ya mtaa ni kama 165,000.

Mnakumbuka usiku zile mita mbili za maji zilipong'olewa. Mlinzi wa usiku alikuwa amekwenda kumzika mama mkwe wake. Yule wa mchana akabaki lindo tangu asubuhi hadi asubuhi ya pili, saa 24 mfululizo. Wezi walipita saa tisa usiku, naye alikuwa amesinzia kwenye kiti. Sikumfukuza, na sitamfukuza. Hakuna binadamu anayeweza kukesha hivyo.

Kuhusu barabara, kila mwaka masika yakiisha tunanunua kifusi, na kila mwaka kinakwenda na maji. Mtaro wa upande wa bondeni umejaa mchanga na kalvati la kwenye kona limeziba, kwa hiyo maji yanapita juu ya barabara. Tukiendelea kumwaga kifusi bila kugusa mtaro, tunawalipa wenye malori bure.

Napendekeza tuajiri mlinzi wa tatu na tuwalipe wote 300,000. Napendekeza pia kila mwezi tuweke 250,000 ya ukarabati kwenye akaunti ambayo haiguswi kwa mishahara. Jumla, pamoja na NSSF, umeme, betri na buti, inakuja kama 1,305,000. Nikigawa kwa nyumba 39 zinazolipa napata kama 33,500, kwa hiyo naomba ada iwe 35,000 kuanzia mwezi wa saba. Najua ni nyingi. Naomba mnihoji."

Mama Neema (18:51)
Asante mwenyekiti. Mimi nilidhani hii 20,000 ndiyo ya gari la taka? Maana wa taka alipita juzi nikamwambia nimeshalipa kwenye umoja.

Mweka Hazina (18:53)
Hapana dada yangu, ya taka ni nyingine, inalipwa kwa mzabuni na unapewa risiti yake. Hii ni ya geti, taa na barabara tu. Kwenye daftari langu wewe unalipa vizuri.

Mama Neema (18:54)
Basi nina deni la taka 😅 Kesho namtafuta.

Baba Kelvin (19:02)
Mwenyekiti, nakuheshimu, ila hapa sikubali. Kutoka 20 kwenda 35 ni karibu mara mbili. Na kwa nini walinzi watatu? Geti ni moja. Mchana mmoja, usiku mmoja, ndivyo ilivyo kila mtaa.

Mzee Afisa Kazi (19:15)
Baba Kelvin, nikusaidie hapo, maana kazi hiyo nimeifanya hadi nikastaafu. Geti linalolindwa usiku na mchana lina saa 168 kwa wiki. Ukigawa kwa watu wawili, kila mmoja anafanya saa 84. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inasema saa za kawaida zisizidi 45 kwa wiki na siku za kazi zisizidi sita. Saa za ziada zinaruhusiwa kwa makubaliano, lakini mwisho ni 50 kwa kila wiki nne. Hawa wetu wana saa 39 za ziada kila wiki. Wiki nne ni 156. Tumevuka mara tatu.
Sasa weka watu watatu. Kila mmoja anapata saa 56 kwa wiki, yaani 45 za kawaida na 11 za ziada. Wiki nne ni 44, chini ya 50. Tena kila mmoja anapata siku ya kupumzika, na akifiwa wapo wawili wa kushika lindo. Kwa hiyo geti moja la saa 24 ni watu watatu, hata kama wanaoonekana getini ni mmoja mmoja.

Baba Kelvin (19:19)
Shikamoo mzee. Nimekuelewa. Sikuwahi kupiga hesabu kwa wiki.

Mzee Afisa Kazi (19:21)
Marahaba. Ila mwenyekiti nami nina swali. Hiyo 300,000 ni mshahara wa msingi au umeingiza na saa za ziada? Saa ya ziada inalipwa mara moja na nusu, na saa za usiku, kuanzia saa mbili usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi, zina nyongeza ya asilimia 5. Kama ndani ya 300,000 kuna vyote hivyo, msingi unashuka karibu na 215,000. Hapo lazima tuangalie amri ya kima cha chini, maana viwango vya sekta binafsi vimepanda Januari 2026.

Mwenyekiti (19:30)
Mzee, niliweka 300,000 kama jumla ya kila kitu. Nitakaa na wewe tuangalie kiwango cha walinzi kabla ya kikao kijacho. Kama haitoshi, nitaleta hesabu nyingine.

Mama Asha wa Duka (19:33)
Ikipanda tena sisi wenye fremu tutalipaje jamani? Mimi nalipa ya nyumba na watu wananiambia nilipe na ya duka. Duka nafunga saa tatu usiku!

Mweka Hazina (19:35)
Mama Asha, hakuna aliyekudai ya duka. Ada ni kwa kaya. Kama kuna mtu alikuambia, hakutumwa na umoja.

Mwalimu (19:48)
Mimi naona tunajadili ada kana kwamba tatizo ni ada. 1,305,000 ukigawa kwa nyumba zote 58 ni 22,500. Nyongeza ya 2,500 tu! Tatizo ni zile nyumba 19. Wanaolipa wanabebeshwa mzigo wa wasiolipa. Wasiolipa wafungiwe geti, wakae nje hadi walipe.

Mzee Afisa Kazi (19:52)
Hesabu yako ni sahihi, Mwalimu. Dawa yako siyo. Barabara ile ni ya umma, geti tumeliweka kwa ridhaa ya serikali ya mtaa kwa ajili ya usalama. Ukimzuia mtu kuingia kwake kwa sababu ya ada ya umoja wa hiari, atakupeleka kwa mtendaji na utaambiwa fungua.

Mwalimu (19:54)
Basi tuwafanyeje? Kila mwezi tunawasihi.

Mweka Hazina (20:07)
Tuziangalie hizo 19 kwanza, siyo zote zinakataa. Nyumba 4 ni mapagale, hakuna anayeishi. Nyumba 5 zina walinzi wao wenyewe au mbwa na wanasema hawatuhitaji. Nyumba 2 walikataa wazi. Zinazobaki 8 ni za kupangisha: mpangaji ananiambia muulize mwenye nyumba, mwenye nyumba ananiambia muulize anayekaa. Hizo 8 ndizo ningeanza nazo.
Zikilipa tunakuwa 47. Kwa nyumba 47, ada ya 28,000 inaleta 1,316,000. Bajeti ya mwenyekiti inatimia.

Baba Kelvin (20:10)
28,000 naweza.

Mama Mpangaji (nyumba ya kijani) (20:14)
Mimi ni mmoja wa hao nane. Sikukataa kulipa. Mkataba wangu umeandikwa kodi, umeme na maji, basi. Nililipa kodi ya miezi sita na sina mahali pa kukata hiyo hela. Mwenye nyumba yuko Mwanza.

Mweka Hazina (20:18)
Pole dada. Ndiyo maana nataka tuandike barua moja kwa wenye nyumba wote wanane, kwamba mkataba ukihuishwa waweke kipengele: ada ya umoja analipa nani. Nje ya mkataba tutazunguka hivi hivi miaka yote.

Mama Mpangaji (nyumba ya kijani) (20:19)
Wangu unaisha mwezi wa tisa. Nitampa namba yako.

Jirani wa Kona (20:31)
Naomba niseme na mimi, maana niko kwenye wale watano. Nina mlinzi wangu, namlipa mwenyewe. Nikilipa na geti nalinda mara mbili. Lakini kalvati lililoziba liko mbele ya ukuta wangu na maji yameshaanza kuula msingi. Ya barabara nalipa hata kesho. Ya walinzi hapana.

Mwenyekiti (20:38)
Jirani, nakushukuru kwa uwazi. Sikuwa nimefikiria kuzitenganisha. Nahofia tukikata ada vipande viwili, na wengine watachagua kipande.

Mwalimu (20:40)
Watachagua! Mimi nina mbwa pia.

Fundi wa Kalvati (20:52)
Samahani nimechelewa, nilikuwa saiti. Kwenye barabara mwenyekiti amesema kweli ila utaratibu uwe hivi. Sasa hivi kiangazi ndiyo muda wa kuchimba mtaro, mchanga ni mkavu. Mtaro uwe na mteremko mmoja hadi korongoni. Maji yakituama sehemu yoyote kwenye mtaro, baada ya mvua mbili mchanga umejaa tena. Kalvati lisafishwe pande zote mbili, siyo mdomo mmoja. Ndipo iletwe moramu, imwagiwe maji kidogo na ishindiliwe, na katikati iwe juu kuliko pembeni ili maji yaangukie mtaroni. Moramu isiyoshindiliwa ni vumbi kiangazi na tope vuli.
Na hiyo 250,000 kwa mwezi, hadi Oktoba vuli ikianza mtakuwa na milioni moja. Inatosha mtaro na kalvati. Moramu subirini mwakani baada ya masika.

Mama Neema (20:55)
Kwa hiyo mwaka huu barabara haitajazwa? Wanangu wanaingia shule na viatu vya tope.

Fundi wa Kalvati (20:57)
Dada, mashimo makubwa tutaziba. Barabara nzima hapana. Na kabla ya kuchimba chochote mwenyekiti aandike kwa TARURA, maana barabara ni yao, tusije tukaambiwa tubomoe.

Mwenyekiti (21:10)
Nimesoma yote. 35,000 yangu ina shida ambayo sikuisema kwenye hotuba: wakijitoa wawili tu kati ya 39, tunapata 1,295,000 na bajeti haifiki. Wazee wawili wa kiinua mgongo wameniambia hawataweza. Ila na 28,000 ya mweka hazina ina shida hiyo hiyo, wanane wote wasipoingia haifiki. Nani atanihakikishia hao wanane?

Mweka Hazina (21:13)
Hakuna wa kukuhakikishia. Nipeni hadi mwisho wa mwezi, naanza na barua na simu. Nikiwapata sita tutajadili 29,000. Nikipata wawili, mwenyekiti arudi na hesabu yake.

Mzee Afisa Kazi (21:16)
Kwa walinzi msisubiri mwisho wa mwezi. Hata tukibaki na wawili, leo wapewe siku ya mapumziko, na lindo hilo vijana wa mtaa washike kwa zamu.

Baba Kelvin (21:18)
Jumapili usiku nitashika mimi na Kelvin.

Mwenyekiti (21:24)
Nimeandika. Kikao ni Jumapili ya mwisho wa mwezi, saa kumi jioni, kwenye mwembe. Mweka hazina aje na orodha ya majibu, mimi nitakuja na kiwango cha mshahara na barua ya TARURA. Jumapili ijayo Baba Kelvin. Jumatano usiku nani?