Wakuu, ada ya Play Console inakataliwa kila nikilipa, nitumie kadi gani?

Misamiati_Dev: Heshima kwenu wakuu. Nimemaliza programu ya wanafunzi kukariri misamiati, imebaki kuipandisha Google Play tu. Ada ya kufungua akaunti ni dola 25, unalipa mara moja basi. Jana usiku nimejaribu mara tano na mara zote imekataliwa. Hela ipo kwenye akaunti na kadi ni Visa. Nimekosa usingizi. Naomba mnitajie kadi inayopita.

Bi_Tulivu: Pole mdogo wangu. Mimi hela za wateja ninazipokea kwa njia ya benki moja kwa moja, hawakati nyingi. Angalia tu wasikuwekee makato ya kubadilisha fedha.

Misamiati_Dev: Asante dada, ila mimi sitaki kupokea. Nataka kulipa.

Kasi_ya_Umeme: Tengeneza kadi pepe, tatizo limekwisha. Kadi pepe zote zinapita.

Fundi_Mkongwe: Si zote, Kasi. Masharti ya kujisajili yanakataa kadi za kujazwa hela kabla, na kadi pepe nyingi ziko kundi hilo. Iliyofungwa moja kwa moja kwenye akaunti ya benki kama kadi ya debiti inaweza kupita. Kabla hujahangaika na kadi mpya, muulize anayeitoa ni ya aina gani.

Mleta uzi, tutafute kwanza nani aliyekukatalia. Kila ulipobonyeza kulipa, benki ilikutumia ujumbe? Kama ilituma, ombi lilifika kwao na wao ndio waliolizuia. Kadi nyingi hutolewa zikiwa zimefungwa kwa malipo ya mtandaoni au ya nje ya nchi mpaka mwenyewe uombe zifunguliwe, na nyingine zina kikomo cha siku kilicho chini ya dola 25. Kama benki haina kumbukumbu yoyote, basi umekwama upande wa duka, na hapo tunaangalia aina ya kadi na taarifa ulizojaza.

Misamiati_Dev: Nimefungua simu sasa hivi. Ujumbe upo minne. Wa kwanza saa 2:14 usiku, wa mwisho 2:31. Yote inasema muamala haukuruhusiwa.

Fundi_Mkongwe: Ulisema umejaribu mara tano. Ule wa tano uko wapi?

Nyota_ya_Asubuhi: Mimi nilikosea kwingine kabisa. Nilichagua `Organization` kwa sababu niliona ina heshima. Wakaniomba namba ya D-U-N-S, ambayo kuipata ni bure lakini inaweza kuchukua hadi siku 30, na jina la kampuni lazima lifanane na lililoandikwa kwenye namba hiyo. Mimi kampuni sina, niko na kompyuta yangu tu! Chagua `Personal` kama uko peke yako.

Misamiati_Dev: Nimechagua `Personal`, asante.

Mkuu Fundi, la tano lilikuwa la kadi ya kaka yangu anayeishi ng'ambo. Namba ya uthibitisho ikaenda kwenye simu yake, na yeye alikuwa kazini, ikaisha muda wake. Leo usiku atakuwa huru, ataniandikia ikifika tu. Kwa hiyo hilo halina shida, nilitaka tu njia mbadala.

Fundi_Mkongwe: Na kwenye wasifu wa malipo uliandika jina la nani, na nchi gani?

Misamiati_Dev: La kaka. Na nchi aliko, ili ilingane na kadi. Lakini jina si nitabadilisha baadaye? Programu ni yangu, kila mstari nimeuandika mimi. Kaka ni damu yangu, hawezi kunigeuka.

Fundi_Mkongwe: Ndugu yangu, usilipe leo usiku. Nakuomba.

Nchi ya wasifu wa malipo haibadilishwi. Ukikosea unafungua wasifu mwingine. Na jina si pambo: utaombwa kitambulisho, na kinatakiwa kilingane na jina la kisheria ulilojaza. Wanaweza pia kukuomba kadi yenye jina hilohilo. Taarifa zikionekana si sahihi, dola 25 hairudi. Ukiweka kitambulisho cha kaka, maana yake akaunti ni ya kaka. Jina lake na nchi yake ndivyo vitakavyoonekana na kila atakayefungua ukurasa wa programu yako, na ukija kuuza kitu ndani yake, hela inakwenda kwa wasifu wake. Damu yenu siibishanii. Naizungumzia fomu.

Mzee_wa_Haki: Mwanzo alisema kadi yake, sasa imekuwa ya kaka. Mimi hadithi hii siiamini. Nyuzi za namna hii huanza na kilio, halafu anatokea mtu kuuza akaunti zilizokwisha kuthibitishwa. Vijana wakizinunua zinafungwa, kwa sababu kuuziana akaunti hakuruhusiwi, na wao wanabaki mikono mitupu. Waangalizi wa jukwaa, uzi huu ufungwe.

Misamiati_Dev: Mzee wangu, shikamoo. Siuzi chochote. Nilificha habari ya kaka kwa sababu nilijua nitaambiwa niache, na nilikuwa nimeshamwomba. Ni kweli pia kuwa jana mtu alinitumia ujumbe wa faragha akiniuzia akaunti. Sikumjibu.

Mzee_wa_Haki: Marahaba. Kama ni hivyo, ripoti ujumbe ule. Mengine naendelea kuangalia.

Kasi_ya_Umeme: Mimi bado nasema ailipie kwa kadi ya kaka, ila wasifu uandikwe jina lake mwenyewe. Rafiki yangu alifanya hivyo na akapita.

Fundi_Mkongwe: Inawezekana alipita. Siku akiombwa kadi yenye jina lake atatoa nini? Benki imemkatalia mara nne, hiyo ni habari nzuri, maana kwa benki kuna mtu wa kumuuliza.

Misamiati_Dev: Narudi na majibu. Asubuhi nimepiga simu benki. Kadi ilikuwa imefungwa kwa malipo ya mtandaoni tangu siku niliyopewa. Wamefungua na kupandisha kikomo. Nikatengeneza barua pepe mpya, wasifu mpya wa jina langu kama lilivyo kwenye kitambulisho, majina yote matatu, na nchi yangu. Dola 25 imepita mara ya kwanza! Kaka nimemwambia aache. Sasa nasubiri kitambulisho kihakikiwe.

Nyota_ya_Asubuhi: Hongera sana! Anza kutafuta watu 20 wa kujaribu programu.

Fundi_Mkongwe: Ilikuwa 20, Desemba 2024 ikapunguzwa kuwa 12. Akaunti binafsi zilizofunguliwa baada ya tarehe 13 Novemba 2023 zinatakiwa ziwe na angalau watu 12 kwenye majaribio ya kundi dogo, waliojiunga kwa siku 14 mfululizo, ndipo uombe kuitoa kwa wote. Chukua hata 16. Mimi niliwaomba 12 kamili, siku ya tisa wawili wakajitoa na hesabu ikavunjika.

Kingine: utahitaji simu halisi ya Android kuthibitisha kuwa unayo, kupitia programu ya Play Console. Na jina la kifurushi likishapanda halibadilishwi, kwa hiyo usiache lile la mfano:

```
applicationId "com.example.myapp"
```

Misamiati_Dev: Yangu iko hivyohivyo, nabadilisha sasa hivi. Swali moja: ule wasifu wa jina la kaka bado upo kwenye barua pepe yangu ya zamani, simu ni hiihii. Niufunge?

Fundi_Mkongwe: Ufunge. Hauna kazi tena.

Kasi_ya_Umeme: Mimi ningeuacha kwanza mpaka uhakiki upite, nisiguse chochote.

Mzee_wa_Haki: Mwanangu, nina wajukuu wawili wa darasa la sita. Ikiwa tayari niandikie, nitakupa barua pepe ya mama yao na yangu. Hao ni watu wawili kati ya 16.