Ushauri: tasnifu ya lugha mama na lugha ya pili darasa la pili, mkoa wa Tanga. Nilinganishe nani na nani?

Mwanachuo wa Pongwe
Habarini za jioni wakuu, na wakubwa wote shikamoni. Nasoma shahada ya uzamili ya elimu. Mada niliyopeleka kwa msimamizi ni tofauti ya kujifunza kusoma kwa lugha mama na kwa lugha ya pili katika darasa la pili. Mpango wangu ulikuwa kuchukua shule tatu za serikali hapa Tanga mjini zinazofundisha kwa Kiswahili, na tatu za binafsi za mchepuo wa Kiingereza, watoto 50 kila shule, jumla 300. Niwasomeshe kifungu, nihesabu maneno wanayosoma kwa dakika, nilinganishe wastani. Msimamizi amenirudishia andiko na swali moja pembeni: "Unalinganisha lugha au unalinganisha ada?" Hoja yake nimeielewa, ila njia ya kutokea siioni. Naombeni mawazo.

Kijana wa Chumbageni
Mkuu, hilo dogo. Tatizo ni ada, basi ondoa ada. Zipo shule za serikali zenye mchepuo wa Kiingereza, kama Olympio na Diamond kule Dar. Chukua hizo, linganisha na za serikali za Kiswahili. Mwenye shule mmoja, walimu wanaajiriwa na mwajiri yuleyule, kinachobaki ni lugha tu. Na usijichoshe na habari za makabila, huku pwani Kiswahili ndiyo lugha mama ya kila mtoto.

Mzee wa KKK
Kijana wa Chumbageni, nusu ya kwanza ina mantiki lakini haifiki. Shule hizo nafasi zinagombaniwa, na anayezigombania ni mzazi mwenye uwezo wa kumfuatilia mtoto na mwenye vitabu nyumbani. Ukiondoa ada ya shule binafsi, bado hujaiondoa familia.

Nusu ya pili siikubali hata kidogo. Kiswahili ni lugha mama ya mtoto wa Ngamiani au Makorora. Toka mjini uone. Mtoto wa kijijini Lushoto au Bumbuli anakua na Kisambaa, Muheza kuna Kibondei, Mkinga Kidigo, Handeni Kizigua. Mtoto huyo akiingia darasa la kwanza anafundishwa kusoma kwa Kiswahili, na kwake Kiswahili ndicho lugha ya pili. Mwanachuo, lugha ya pili unayoitafuta ipo ndani ya shule za serikali zilezile, zenye mtaala uleule na vitabu vilevile. Linganisha mtoto wa Kisambaa na mtoto wa Kiswahili, wote darasa la pili, wote wanafundishwa kwa Kiswahili. Hapo msimamizi hatakuuliza habari ya ada.

Kuna jambo jingine lililokuwa linakusubiri kwenye mpango wa kwanza. Maneno kwa dakika hayalinganishiki kati ya Kiswahili na Kiingereza. "Hawatatuona" kwetu ni neno moja. Mwingereza anahitaji kadhaa kusema hayohayo. Isitoshe, herufi zetu husomeka karibu kama zilivyoandikwa, za Kiingereza hapana. Ungepata namba mbili zisizo na mizani moja.

Mama wa Makorora
Samahanini jamani, naona mpo wajuzi. Wangu yupo darasa la pili shule ya serikali, anasoma kitabu chote haraka haraka, lakini ukimuuliza alichosoma hajui. Baba yake anasema tumhamishie Kiingereza. Nyumbani tunaongea Kiswahili, bibi yake ndiye anamsemesha Kisambaa, na kwa bibi ndiko anakoshinda. Tumhamishe au tusimhamishe?

Mzee wa KKK
Mama wa Makorora, kumhamisha siwezi kukuamulia bila kumsikia mtoto. Fanya hivi leo: msomee wewe hadithi fupi ya Kiswahili, yeye asikilize tu, kisha muulize maswali matano. Akijibu manne au yote, Kiswahili anacho, ila nguvu yake inaishia kwenye kutamka, au amezoea kukariri kurasa. Akijibu moja, bibi amsimulie nyingine ya urefu huohuo kwa Kisambaa na kumuuliza vivyo hivyo. Akiipatia hiyo, shida ni msamiati wa Kiswahili, na kumpeleka kwenye lugha ya tatu hakumwongezei msamiati huo.

Na Mwanachuo, swali la mama huyu ndilo moyo wa tasnifu yako. Kwa kuwa Kiswahili husomeka kama kilivyoandikwa, mtoto akishajua silabi anaweza kutiririsha kifungu asichokielewa. Ukipima maneno kwa dakika peke yake, Msambaa na Mswahili wanaweza kutoka sawa, nawe ukaandika kwamba lugha ya nyumbani haina athari. Kwa hiyo pima vitu vinne: sauti za herufi, maneno yasiyo na maana yaliyotungwa kwa silabi za Kiswahili, kifungu cha maneno kama 60 chenye maswali matano, na hadithi ya kusikiliza yenye maswali matano. Ya kusikiliza ifanyike kwa lugha zote mbili.

Chukua mfano wa kubuni. Mtoto wa kwanza anasoma maneno 38 kwa dakika, swali anajibu 1 kati ya 5. Akisikiliza Kiswahili anajibu 2, akisikiliza Kisambaa anajibu 5. Mtoto wa pili anasoma maneno 9, hajibu swali lolote la kusoma, lakini akisikiliza Kiswahili anajibu 4. Wote wawili mwalimu atasema "hawajui kusoma". Wa kwanza ameshajua kusoma, amekosa lugha. Wa pili lugha anayo, amekosa kufundishwa silabi. Nadharia yako ikiwa sahihi, pengo kati ya makundi litaonekana kwenye kusikiliza na kwenye maswali ya ufahamu, na litakuwa dogo kwenye herufi na maneno yasiyo na maana. Pengo likiwa sawasawa kila mahali, usikimbilie lugha. Tazama ufundishaji, utoro na njaa.

Mtoto wa Soni
Nyongeza kuhusu kumjua Msambaa ni nani. Usimuulize mzazi "nyumbani mnatumia lugha gani?" Ukija na kalamu na barua ya chuo, atakujibu Kiswahili kwa heshima. Mwalimu naye atakutajia kabila la baba, na kabila si lugha. Uliza kwa matukio: bibi anakusemesha vipi, mama akikutuma dukani anasemaje, mkicheza na wenzako mnagombana kwa lugha gani. Kila tukio lipe 0 kwa Kiswahili, 1 kwa mchanganyiko, 2 kwa Kisambaa, kisha jumlisha. Utapata ngazi, si makundi mawili, na ndivyo watoto walivyo.

Halafu ongeza picha 20 za vitu vya nyumbani na shambani, mtoto azitaje kwa lugha zote mbili. Hapa ndipo wengi huharibu: wanaweka ng'ombe na nyumba. Maneno hayo yanafanana katika lugha hizi mbili, hayakuambii chochote. Kaa na wazee wawili wa Kisambaa uchague vitu ambavyo majina yake yanaachana. Yale maneno yasiyo na maana nayo wasomee wazee hao, maana unaweza kutunga neno la bure kwa Kiswahili, kumbe Kisambaa kina maana yake.

Karani wa Takwimu, Korogwe
Kwenye hesabu ya 300, tahadhari. Watoto wa shule moja wanafanana kwa sababu mwalimu wao ni mmoja, kwa hiyo watoto 50 wa shule moja hawana uzito wa watoto 50 waliotoka huku na huku. Tuchukue kwamba mfanano wa ndani ya shule ni 0.2, nami nakisia tu, wewe utaupata kwenye data yako. Kigawanyo ni:

```
1 + (watoto kwa shule - 1) x 0.2
```

Shule 6 zenye watoto 50 zinatoa 10.8, na 300 ukigawa kwa 10.8 unabaki na uzito wa watoto 28. Shule 30 zenye watoto 10 zinatoa 2.8, unabaki na 107. Idadi ni ileile, kinachoongezeka ni nauli. Ila ukilinganisha watoto waliokaa darasa moja, athari ya shule na mwalimu inawagusa wote na hasara hiyo inapungua sana. Mimi ningetafuta shule zilizochanganyika.

Tena, wapo watakaopata sifuri. Idadi yao iripoti peke yake, usiifiche ndani ya wastani. Weka kanuni ya kusimama: asipopata hata moja kati ya 10 za mwanzo, simamisha, usimtese. Anayemaliza kabla ya dakika, andika sekunde: maneno sahihi 48 kwa sekunde 45 ni 64 kwa dakika. Na angalau mtoto mmoja kati ya kumi asikilizwe na wapimaji wawili, kila mmoja na karatasi yake.

Mwanachuo wa Pongwe
Nimeshiba, asanteni sana. Mawili yamebaki. Kwa nini nisilinganishe shule inayofundisha kwa Kisambaa na inayofundisha kwa Kiswahili, kama walivyofanya wengine? Na hizo shule zilizochanganyika nizitafute wapi?

Mzee wa KKK
La kwanza: hiyo shule hutaipata. Lugha za kufundishia katika sera yetu ni Kiswahili na Kiingereza. Nigeria waliweza, mradi wa Ife ulioanza 1970 chini ya Profesa Babs Fafunwa ulifundisha kwa Kiyoruba miaka yote sita ya msingi. Usiusome kama ushahidi safi wa lugha, maana madarasa yale yalipata pia vitabu vipya na mwalimu maalumu wa Kiingereza. Kwa hiyo kwenye jina la tasnifu ondoa "kujifunza kusoma kwa lugha mama". Andika "lugha ya nyumbani na ufahamu wa kusoma Kiswahili". Ukiliacha la zamani, mtahini atakuuliza darasa la Kisambaa liko wapi.

Mtoto wa Soni
La pili: jaribu Mombo, ipo barabarani na watu wametoka kila upande, au Muheza mjini. Lakini hapa natofautiana na Karani. Msambaa aliyekulia Mombo anasikia Kiswahili sokoni tangu hajatembea. Ukimtumia huyo, pengo litapungua, na utasema tatizo ni dogo wakati kule mlimani ni kubwa.

Karani wa Takwimu, Korogwe
Kweli. Lakini mlimani hakuna Mswahili wa kumlinganisha naye katika darasa hilohilo, na ukimleta wa mjini unaleta na mji wake. Labda shule chache za mchanganyiko kwa ulinganisho, na mbili tatu za mlimani za kuonyesha kusikiliza kwa Kisambaa na kwa Kiswahili kwa mtoto yuleyule. Hapo mtoto analinganishwa na nafsi yake.

Mtoto wa Soni
Hiyo naikubali, ila hadithi mbili ziwe na ugumu sawa. Nusu ya watoto waanze na Kisambaa, nusu waanze na Kiswahili, na hadithi zenyewe zipokezane lugha. La sivyo utapima hadithi.

Kijana wa Chumbageni
Mimi bado naona za mchepuo wa Kiingereza zisitupwe kabisa. Mtaala mpya umeingiza Kiingereza tangu darasa la kwanza, wazazi ndicho wanachouliza.

Mzee wa KKK
Wanauliza, ni kweli, ila hiyo ni tasnifu nyingine. Mwanachuo, barua ya chuo ianzie kwa Katibu Tawala wa Mkoa, ishuke wilayani na kwa mkurugenzi wa halmashauri, Afisa Elimu Msingi, ndipo mwalimu mkuu, na mzazi asaini kabla mtoto hajapimwa. Lushoto, Bumbuli, Korogwe na Muheza kila halmashauri ina barua yake, anza mapema. Nenda Agosti na Septemba. Ukichelewa utakutana na maandalizi ya upimaji wa KKK wa darasa la pili, na watoto watakusomea kilichokaririshwa wiki hiyo.

Mwanachuo wa Pongwe
Sawa mzee. Naandika upya sura ya tatu, nikianza na yale matukio ya lugha na picha 20. Mtoto wa Soni, nitakutafuta faraghani kuhusu wazee wa kukaa nao.