Mtoto anabana choo tangu aanze poti: tupeane uzoefu

Mama Neema, Sakina: Wapendwa, habari za jioni. Binti yangu ana miaka miwili na nusu. Tulipoanza poti alipata choo kigumu, akachanika kidogo, akalia sana. Tangu hapo akihisi haja anajificha nyuma ya pazia, anasimama kwa ncha za vidole na kukaza makalio mpaka jasho linamtoka. Sasa chupi inachafuka na uharo kidogo kidogo, bibi yake anasema anaharisha. Mliopitia haya mlifanyaje?

Mama Pendo, Moshi: Papai bivu asubuhi na maji ya kutosha. Wangu alipona kwa hilo tu.

Baba Ivan, Kiborloni: Wa kwangu ana miezi mitatu, ananyonya tu, hukaa siku kadhaa bila choo. Nimpe papai?

Dada Muuguzi, Njiro: Hapana baba, asipewe chochote kabla ya miezi 6. Kama choo kikija ni laini, ananyonya na kukua vizuri, ni kawaida. Tumbo likivimba au akitapika, mpeleke haraka.

Mama Neema, hapo pazia hasukumi, anazuia. Choo kikikaa ndani, utumbo unafyonza maji yake, kinazidi ugumu na ukubwa, akija kukitoa anaumia tena. Huo uharo huenda ni choo chepesi kinachopenya pembeni ya kile kilichokwama, kwa hiyo usimpe dawa ya kuzuia kuharisha. Kikishakwama, papai peke yake halitoshi. Apimwe tumbo, apewe dawa ya kulainisha kama laktulozi, kipimo watakupa huko. Wazazi wengi huacha dawa choo kikilainika mara mbili tatu, tatizo linarudi. Utumbo uliotanuka huweza kuchukua miezi, na hofu nayo ina muda wake. Poti ipumzike, arudi pampasi.

Mama Abuu, Ngaramtoni: Hilo la pampasi ndilo lililotuokoa. Abuu alitaka kujisaidia amesimama ndani ya pampasi, tukamwacha. Choo kilipokuwa laini muda mrefu, tukamkalisha na pampasi yake juu ya poti, baadaye tukaifungua. Ilikuwa baada ya chakula, maana ndipo tumbo husukuma: dakika tano, miguu juu ya kigoda, anapuliza puto. Asipotoa, anainuka, hakuna kumgombeza. Maziwa tulipunguza, yalikuwa yanamshibisha hata mtori hagusi. Tukaongeza parachichi na maharage.

Mama Pendo, Moshi: Na kile kipande cha sabuni huko nyuma? Mama mkwe hutumia.

Dada Muuguzi, Njiro: Sabuni inaunguza, mama. Na mtoto anayeogopa kuumia, ukimshika kwa nguvu umemthibitishia hofu yake.

Mama Pendo, Moshi: Mbona wangu alitoa palepale.

Mama Neema, Sakina: Asanteni sana, kesho tunaenda hospitali. Ila chekechea wanataka Januari aje bila pampasi. Kuna aliyezungumza nao wakaelewa?

Mama Abuu, Ngaramtoni: Wetu walikataa. Tulimchelewesha muhula mmoja.