Ukuta wa tofali moja wa kuchoma: strecha mbili sambamba, Inglishi bondi au Flemishi?

MamaNuru
Habari zenu wakuu. Nipo Goba, msingi umeisha, sasa napandisha boma. Ukuta wa mbele nataka tofali za kuchoma zibaki wazi bila plasta, unene uwe sawa na urefu wa tofali moja. Una urefu wa mita 6 na kwenda juu mita 2.7, na paa litaukalia. Tofali nimezipima: urefu sentimita 22, upana 10.5, kimo 7.

Nina mafundi wawili na hawaelewani. Wa kwanza anataka kupanga strecha, yaani tofali zinazofuata urefu wa ukuta, mstari wa nje na mstari wa ndani, katikati ajaze mota, kwa sababu anasema heda, zile zinazokata ukuta, zinakula tofali. Wa pili anasema ukuta wa namna hiyo hajengi, anataka Inglishi bondi. Mdogo wangu kaona picha ya Flemishi kaipenda. Niende na ipi?

Kijana wa Chanika
Dada, cha kuangalia ni mota. Changanya saruji ndoo moja kwa mchanga ndoo tatu, mistari hiyo miwili itashikana moja kwa moja. Ila usikubali mishono ya wima ipandane. Kila kozi, yaani kila safu ya tofali, ivuke mshono wa kozi ya chini, hapo fundi asikuletee maneno.

Fundi Timazi
Kijana, la mishono uko sawa, la mota sikubaliani nawe. Mota inabeba vizuri ikigandamizwa, lakini ikivutwa huachia mapema. Ukuta wa mistari miwili unavutwa katikati: paa likikalia zaidi mstari wa ndani, mstari huo unabonyea kidogo na ule wa nje haubonyei. Kinachobaki kuishikilia ni ile mota ya katikati, tena mara nyingi haijazwi hadi chini kwa sababu mwiko haufiki. Na mota ya moja kwa tatu kwenye tofali laini za kuchoma inakuwa ngumu kuliko tofali lenyewe. Ukuta ukicheza, ufa unapasua tofali badala ya kufuata mshono, na kurekebisha kunakuwa kazi kubwa. Mimi natumia moja kwa sita.

MamaNuru, chukua ubao mmoja mwembamba uupinde. Weka mbao mbili kama huo bila kuzigundisha, ugumu unaongezeka mara mbili tu. Zigundishe ziwe kitu kimoja, ugumu unafika mara nane. Heda ndiyo gundi yako. Inalala ikikata ukuta kutoka uso wa nje hadi wa ndani, kwa hiyo mistari miwili inakuwa ukuta mmoja. Ukuta usio na heda dalili yake ni tumbo: ukiegemeza ubao ulionyooka kwenye uso wa nje, katikati unakuta umefura, na ukigonga panalia kama debe tupu.

Hilo la heda kula tofali si kweli. Pamoja na mota ya sentimita 1, uso wa strecha moja unachukua 23 kwa 8, yaani karibu tofali 54 kwa mita ya mraba. Mistari miwili ni 109. Heda uso wake ni nusu ya strecha, lakini tofali hilohilo limeshajaza unene wote, kwa hiyo hesabu inarudi palepale. Ukuta wako una mita za mraba 16.2, utakula kama 1,760. Agiza 1,900 kwa ajili ya zitakazovunjika.

Mzee wa Mbagala
Mimi nilijengea bloku za inchi 6, nilisimamisha sikulaza, na mpaka leo nateseka na ufa. Niliongeza chumba ubavuni mwa nyumba ya zamani. Ufa umenyooka kama umepigwa rula, kutoka sakafuni hadi kwenye linta, palepale chumba kipya kilipogusa ukuta wa zamani. Nimepiga plasta mara tatu, kila masika unarudi. Kwa hiyo dada, tumia bloku lakini uzilaze.

Fundi Timazi
Mzee, kulaza kungekupa ukuta mnene zaidi, lakini ufa wako hautokani na hilo. Ufa ulionyooka wima hivyo maana yake hapakuachwa meno ya kuingiza bloku mpya ndani ya ukuta wa zamani. Bloku za chumba kipya ziliishia kwenye uso wa ukuta wa zamani, mshono mmoja ukapanda chini hadi juu. Mishono inapopishana, tofali la juu linakalia mawili ya chini, mzigo unatawanyika, na ufa ukitaka kupita lazima upande ngazi kwa ngazi. Kwako umepewa barabara.

Injinia wa Tabata
Fundi, hapo kwenye meno naomba nipinge. Nyumba ya zamani imeshatulia ardhini, msingi mpya ndiyo kwanza unaanza kushuka. Ukiziunganisha kwa meno, chumba kipya kikishuka meno yenyewe yatakatika na utapata nyufa za ngazi pande zote mbili. Mimi huacha nafasi makusudi, naijaza kitu kinachonyumbulika, kisha naifunika kwa ukanda.

Fundi Timazi
Kama udongo ni mbaya nakubali. Kama msingi mpya umefika kina cha ule wa zamani na ardhi ni ileile, mimi bado naacha meno. Mzee achimbe kidogo pembeni aone msingi wake kwanza.

MamaNuru
Asanteni. Kumbe tofali ni zilezile! Basi kati ya Inglishi na Flemishi?

Injinia wa Tabata
Flemishi inapendeza, kila kozi ina heda na strecha zikipokezana. Lakini ndani ya ukuta hubaki vipande vifupi vya mishono inayopandana, na inataka fundi mtulivu. Kwa ukuta unaobeba paa ningechukua Inglishi, kozi ya strecha, kozi ya heda. Kwa uzio ningekuambia hata strecha tatu kwa heda moja inatosha.

Fundi Timazi
Simamia kona, ndiko watu huharibu. Kozi ya strecha ina mshono kila sentimita 23. Kozi ya heda ikianza kwa heda na kuendelea heda tupu, mishono inakuja kwenye 11.5, halafu 23. Umeshapandana na wa chini, na itakuwa hivyo hadi mwisho wa ukuta. Dawa ni kupasua tofali kwa urefu, upate kipande chembamba cha kama sentimita 5, ukiweke baada ya heda ya kwanza. Sasa mishono ni 11.5, 17.25, 28.75. Ule wa 23 wa chini umeangukia katikati kabisa ya heda. Kipande hicho kisikae kona yenyewe, kitadondoka.

Kijana wa Chanika
Mimi tofali zangu zina urefu 22 lakini upana 11.5. Nazo zitakubali?

Fundi Timazi
Weka mbili sambamba, acha nafasi ya sentimita 1, laza moja juu ukizikata. Zako mbili zinafika 24, heda ni 22, kwa hiyo uso mmoja utakuwa na ngazi ya sentimita 2 kila kozi. Uso mzuri uweke nje, wa ndani upige plasta. Za MamaNuru zinafika 22 kamili, hapo kapata tanuri zuri.

MamaNuru
Nimeongea na fundi wa pili. Jumamosi tunapanga kozi mbili za kwanza kavu bila mota, nipime mwenyewe hizo 17.25. Tatizo kuna dirisha la mita 1.2 katikati ya ukuta. Pembeni mwa dirisha nako kinawekwa kile kipande?

Fundi Timazi
Ndiyo, kila upande wa dirisha huhesabiwa kama kona. Na kama bado unaweza kulisogeza, pima kutoka kona hadi dirisha ipatikane idadi kamili ya 11.5 ukitoa sentimita 1 ya mshono wa mwisho, usije ukakata tofali kila kozi.