Tupeane uzoefu: ulipopokea onyo la kuvunjiwa mkataba wa magazini, uliutumiaje ule mwezi mmoja wa kurekebisha kosa?

Mshonaji wa Kamalondo
Ndugu zangu wa Lubumbashi, naomba waliowahi kupokea onyo rasmi kuhusu pango la biashara watueleze walivyojibu. Naanza na langu. Barua iliandikwa tarehe 2 Machi, lakini mjumbe wa mahakama aliileta tarehe 14, akamkuta mwanafunzi wangu peke yake kwenye cherehani, naye akatia sahihi. Ilinituhumu makosa mawili: kutolipa kodi ya miezi mitatu, dola 400 kila mwezi, na kumpangisha mtu mwingine bila ruhusa, yaani yule kijana aliyeweka meza ya kuuza inite za simu barazani kwangu.

Miezi miwili nilidaiwa kweli. Januari nilikuwa nimelipa mkononi, ila risiti haikuonekana, na hasira ikanituma nisilipe chochote mpaka mwenye nyumba akiri. Avoka mmoja alinizuia. Nililipa dola 1,200 zote kupitia benki, kisha nikaandika kwamba Januari nailipa mara ya pili bila kukubali deni, na kwamba nahifadhi haki ya kudai nirudishiwe. Kijana alihamisha meza, nikapiga picha baraza likiwa tupu, naye akaandika kwamba hakuwahi kunilipa kodi. Mwenye nyumba alikataa kutia sahihi kwenye nakala ya jibu langu, basi nikampelekea kwa mjumbe wa mahakama tarehe 9 Aprili. Hakunishtaki. Dola 400 za Januari tunazigombania hadi leo.

Mama Mchele, soko la Kenya
Pole, baba, lakini ulijisumbua bure. Mwenye nyumba anashika garanti yako ya miezi mitatu. Ungemwambia aile hiyo, hesabu ikaisha. Tena barua si hukumu, hawezi kukutoa bila tribinali.

Yaya Karani
Mama, la tribinali umesema kweli. Kongo iko ndani ya OHADA, umoja wa nchi za Afrika zenye sheria moja ya biashara, tangu 2012, na kifungu cha 133 cha sheria yake ya biashara kinamtaka mwenye nyumba atoe onyo kwanza, asubiri mwezi mmoja tangu onyo lipokelewe, ndipo aende kwa hakimu. Hata mkataba ukiandika vingine, kifungu hicho hakiondolewi. Kubadilisha kufuli usiku hakumo humo kabisa.

La garanti, hapana. Hiyo ni dhamana ya mwisho wa mkataba, na huwezi kuigeuza kodi peke yako isipokuwa mkataba wenu unaruhusu. Nimefanya kazi miaka mingi katika ofisi ya avoka, na nimeona wapangaji wakifika kwa hakimu na hoja hiyo huku mwezi umekwisha. Mkataba ukiwa na kipengele kinachosema unavunjika wenyewe, hakimu hubaki na kazi ya kuhakikisha tu kwamba onyo lilitolewa na kosa halikurekebishwa. Huruma haina nafasi kubwa hapo. Ndiyo maana Mshonaji alifanya vizuri kulipa hata kile anachobishia, kwa kuwa dola 400 hudaiwa baadaye, lakini magazini ikishatoka mikononi hairudi kwa urahisi.

Someni pia barua yenyewe. Isipotaja kipengele kilichovunjwa, au isiposema kwamba baada ya mwezi mmoja mahakama itaombwa kuvunja mkataba, ni batili. Hata hivyo mimi nisingekaa kimya kwa kutegemea ubatili huo, kwa sababu mwenye nyumba anaweza kuandika nyingine wiki ijayo, na deni bado lipo.

Papa wa Katuba
Mimi nilipewa miezi mitatu, wala si mmoja, nilipotolewa katika nyumba niliyokuwa nalala na watoto wangu.

Yaya Karani
Papa, hiyo ilikuwa nyumba ya kuishi, ina sheria yake. Hapa tunazungumzia pahali pa biashara.

Muuza Vipuri
Mimi onyo lilikuja kwa WhatsApp, picha ya barua. Nililiona, sikujibu. Je, mwezi umeanza kuhesabiwa?

Yaya Karani
Sheria inakubali njia yoyote inayothibitisha kwamba umepokea kweli. Avoka wa mwenye nyumba atasema alama mbili za buluu zinatosha. Wako atasema simu iliweza kuwa mkononi mwa mwingine. Sijaona hakimu akilikata mbele yangu. Hesabu tangu siku ulipoliona, na ulipe kabla mwezi haujaisha.

Mshonaji wa Kamalondo
Na sahihi ya mwanafunzi wangu, yaya? Mimi niliiona barua tarehe 16, aliporudi kutoka msibani na kukumbuka kwamba aliifungia kwenye droo ya nyuzi.

Yaya Karani
Ungebishana juu ya siku mbili. Ulijibu tarehe 9, hukuzihitaji.